Nywila ya admini wa WordPress imeibwa: ufunge akaunti moja, utoe watu wote, au urudishe bakapu?

Chukua duka la mfano: linauza vitenge mtandaoni kutoka Mwanza, linatumia WordPress na WooCommerce. Jumatatu jioni mwenye duka anapata barua pepe inayodai kuwa jina la tovuti linakaribia kuisha muda. Anabofya kiungo, anaandika jina lake la kuingilia, `mauzo`, pamoja na nywila, kwenye ukurasa uliotengenezwa ufanane na wa kwake. Jumatano asubuhi mteja anapiga simu: "Dada, nimeweka lipa namba yenu, mbona jina linalokuja ni la mtu mwingine?"

Hapo watu wengi hubadilisha nywila tu, kisha wanarudi kazini. Wengine hukimbilia bakapu. Kuna pia njia ya katikati, ya kumtoa nje kila aliyeingia. Zote tatu ni halali, na kila moja ina mahali inapopwaya. Nitazilinganisha kwa maswali manne yale yale: inakata nini, inaacha nini wazi, inagharimu nini, na inamfaa nani. Ukaguzi wa alichobadilisha mwizi nitauweka peke yake, kwa sababu hauepukiki hata ukichagua njia ipi.

## Kabla ya kukata chochote

Orodha ya sesheni zilizo hai inakaa ndani ya WordPress yenyewe, na kila sesheni ina muda wa kuingia, anwani ya IP na aina ya kivinjari. Ukizifuta sesheni, umefuta na ushahidi huo. Kwa hiyo ihifadhi kwanza. Ni kazi ya dakika moja kama una `wp-cli`, zana ya kuendesha WordPress kwa amri za terminali:

```
wp user session list mauzo > sesheni.txt
wp user application-password list mauzo \
  --fields=uuid,name,created,last_used,last_ip > tokeni.txt
```

Pakua pia logi za seva. Kwenye cPanel ziko chini ya Raw Access, na kwenye hosti nyingi za bei nafuu hazikai muda mrefu. Kama huna `wp-cli`, piga picha za skrini za ukurasa wa profaili ya akaunti hiyo, sehemu ya Application Passwords, uzihifadhi nje ya seva. Orodha kamili ya sesheni utaipata kwa phpMyAdmin, kwenye jedwali la `wp_usermeta`, mstari ambao `meta_key` yake ni `session_tokens`. Ila kama unaona kwa macho yako kuwa mwizi yuko ndani sasa hivi na anaendelea kubadilisha mambo, usingoje: kata kwanza. Logi zitasema mengi ya yaliyobaki.

Hakikisha pia barua pepe ya akaunti hiyo ni yako bado, na kwamba kisanduku chake hakitumii nywila ile ile iliyoibwa. Mwizi akiwa na barua pepe, atabofya "Lost your password?" na kurudi kabla hujafunga kompyuta.

## Njia ya kwanza: kufunga akaunti moja

Inakata nini. Ukibadilisha nywila, kuki zote za zamani za akaunti hiyo hufa papo hapo, kwa kuwa WordPress huchanganya kipande cha nywila iliyofichwa ndani ya saini ya kuki. Watu wengi hawalijui hili, na ndiyo maana wanadhani lazima wasubiri siku 2 kuki iishe, au siku 14 kama mwizi aliweka alama ya "Remember Me". Kufuta sesheni baada ya hapo ni kusafisha meza ili orodha isikuchanganye.

Tatizo liko kwenye kitu kingine. Tangu toleo la 5.6, la Desemba 2020, WordPress ina Application Passwords, ambazo hapa naziita tokeni: nywila za herufi 24 ambazo programu za nje hutumia kuzungumza na tovuti bila kupitia ukurasa wa kuingilia. Admini anaweza kujitengenezea moja kwa sekunde kumi. Ukibadilisha nywila ya akaunti, hizo haziguswi. Hazipiti kwenye uthibitisho wa hatua mbili pia, hivyo hata ukiwasha msimbo wa simu leo, aliyejitengenezea tokeni juzi anaendelea kuingia kupitia `/wp-json/`. Kwa hiyo njia hii ni kamili pale tu inapofanywa yote:

```
wp user application-password delete mauzo --all
wp user update mauzo --prompt=user_pass
wp user session destroy mauzo --all
```

Nimetumia `--prompt` ili nywila mpya isibaki imeandikwa kwenye historia ya terminali. Asiye na terminali atapata vitufe vya kazi hiyo hiyo kwenye profaili: "Revoke all application passwords" na "Log Out Everywhere Else".

Inaacha nini wazi. Funguo za WooCommerce, zinazoanza na `ck_` na `cs_`, zinakaa kwenye jedwali lake na hazifuati nywila. Zifute chini ya WooCommerce, Settings, Advanced, REST API. Halafu kuna tokeni ambazo mwizi amewatengenezea watu wengine. Admini ana uwezo wa kufungua profaili ya mfanyakazi yeyote na kuongeza Application Password humo, na mwizi mjanja hufanya hivyo kwa sababu anajua utakagua akaunti iliyoibwa tu. Swali hili linaonyesha kila akaunti iliyowahi kuwekewa tokeni:

```
wp db query "SELECT user_id FROM wp_usermeta
  WHERE meta_key='_application_passwords'"
```

Kama majedwali yako hayaanzi na `wp_`, badilisha hapo. Na kama mwizi amepandikiza msimbo kwenye seva, njia hii haimgusi kabisa, maana hahitaji tena akaunti.

Inagharimu nini. Karibu hakuna. Wateja hawajui kama kuna lililotokea. Chochote kilichokuwa kinatumia tokeni za akaunti hiyo, mfano programu ya kuhesabu stoo, kitakatika mpaka ukipe tokeni mpya.

Inamfaa nani. Aliyewahi mapema, mwenye logi zinazoonyesha mwizi hakuingia, au aliingia akachungulia akatoka. Pia inamfaa mwenye tovuti yenye watu wengi ambao hawezi kuwasumbua bila sababu.

## Njia ya pili: kutoa watu wote nje

Ndani ya faili la `wp-config.php` kuna funguo nane, kuanzia `AUTH_KEY` hadi `NONCE_SALT`, ambazo WordPress hutumia kusaini kuki zote. Ukizibadilisha, kila mtu anatoka, kuanzia admini hadi mteja wa mwisho. Amri ni moja:

```
wp config shuffle-salts
```

Inakata nini. Kila kuki ya kila akaunti, zikiwemo za akaunti ambazo hujagundua bado kuwa nazo zimeguswa. Hiyo ndiyo nguvu yake: huhitaji kujua mwizi alihamia wapi. Na kuna sababu ya pili ya kuifanya. Admini anaweza kupakia plagini, plagini ni PHP, na PHP husoma `wp-config.php`. Kama alipakia chochote, hesabu kuwa funguo hizo nane na nywila ya hifadhidata anazo, ubadilishe vyote.

Inaacha nini wazi. Application Passwords, tena! Wala hazitegemei funguo hizo. Za WooCommerce vile vile. Ni jambo la ajabu kidogo: njia inayoonekana kali kuliko ya kwanza inaacha mlango ambao ile ya kwanza imeufunga. Nywila iliyoibwa nayo bado inafanya kazi kama hukuibadilisha. Umemtoa mwizi mpaka ukurasa wa kuingilia, naye anaandika tena. Kwa hiyo hii huongezwa juu ya ile ya kwanza, haichukui nafasi yake. Na kama kuna msimbo uliopandikizwa, mwizi atasoma funguo mpya kama alivyosoma za zamani. Safisha kwanza, ndipo uzibadilishe, au uzibadilishe leo na tena baada ya kusafisha.

Inagharimu nini. Wafanyakazi wote wataingia upya, na aliyekuwa katikati ya kuandika anaweza kupoteza kazi ambayo haijahifadhiwa. Vikapu vya wateja ambao hawajajisajili hupotea, kwa sababu kuki ya kikapu husainiwa kwa funguo hizo hizo. Baadhi ya plagini huzitumia kuficha siri zake, Site Kit ya Google ikiwa mojawapo, na hizo utaziunganisha upya. Saa nane usiku gharama hii ni ndogo. Ijumaa mchana ya mwisho wa mwezi utaisikia.

Inamfaa nani. Mwenye maadmini zaidi ya mmoja, asiyejua mwizi aligusa akaunti zipi, au aliyekuta dalili yoyote ya plagini iliyopakiwa.

## Njia ya tatu: kurudisha bakapu

Inakata nini. Ikifanywa vizuri, hii peke yake ndiyo inayoondoa msimbo uliopandikizwa bila wewe kuutafuta faili kwa faili. Unafuta kila kitu, unarudisha hali ya kabla ya mwizi kuingia.

Inaacha nini wazi. Hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu. Bakapu ya Jumapili ina hifadhidata ya Jumapili, na hifadhidata ya Jumapili ina nywila ya Jumapili, ile ile iliyoibwa Jumatatu. Ukirudisha na kuondoka, umemrudishia mwizi ufunguo ulioubadilisha jana. Kuki ambazo muda wake haujaisha zinaweza kufufuka pia, kama umerudisha na `wp-config.php` ya zamani. Kwa hiyo bakapu ikisharudi, njia ya kwanza na ya pili hufanywa mara moja, tovuti ikiwa bado imefungwa kwa wageni.

Mtego mwingine ni tarehe. Siku uliyogundua inaweza kuwa mbali na siku mwizi alipoingia mara ya kwanza. Bila logi unabahatisha, na ukikosea unarudisha bakapu yenye msimbo wake ndani.

Inagharimu nini. Oda zote zilizoingia baada ya bakapu, wateja waliojisajili, picha zilizopakiwa. Duka letu la vitenge likiwa na oda 40 za siku mbili, inabidi zitolewe kwanza kama faili la CSV, kisha ziingizwe moja moja zikikaguliwa. Wengine hurudisha mafaili tu na kuiacha hifadhidata ilivyo. Inaokoa oda, ila lolote aliloandika mwizi kwenye hifadhidata linabaki.

Inamfaa nani. Mwenye ushahidi kuwa msimbo ulipandikizwa, mwenye bakapu iliyokaa nje ya seva hiyo, na anayejua saa mwizi alipoingia. Tovuti ya shule au msikiti inayobadilika mara moja kwa mwezi hupoteza kidogo sana kwa njia hii, na hapo mimi huipendelea hata kwa shaka ndogo.

## Alibadilisha nini?

Ugumu wa ukaguzi huu ni kwamba mwizi alitumia akaunti ya mwenyewe. Historia ya ukurasa itasema "mauzo" amebadilisha, na mwenye duka pia ni "mauzo". Jina halikusaidii kuwatenganisha. Saa na IP ndivyo vinavyosaidia. Anza na logi. Kwenye WordPress ya kawaida, `POST /wp-login.php` inayojibiwa 302 ni kuingia kulikofaulu, na inayojibiwa 200 ni nywila iliyokataliwa. Tafuta zenye 302, tenga IP ambazo si za nyumbani wala dukani, kisha fuata kila IP ilikokwenda. Kwa duka letu, mistari ikifupishwa, ingekuwa hivi:

```
203.0.113.45 02:14 POST /wp-login.php 302
203.0.113.45 02:17 POST /wp-json/wp/v2/users/3/application-passwords 201
203.0.113.45 02:21 POST /wp-admin/update.php?action=upload-plugin 200
203.0.113.45 02:31 POST /wp-json/wp/v2/pages/58 200
```

Mistari minne inatosha kuamua. Wa kwanza ni kuingia. Wa pili ni tokeni iliyotengenezwa kwa akaunti namba 3. Wa tatu ni plagini iliyopakiwa kama faili la zip, na huo ndio unaobadilisha kila kitu: kuanzia saa 8:21 usiku hatuzungumzii tena akaunti iliyoibwa, tunazungumzia seva. Wa nne ni ukurasa namba 58, wa malipo, ambako lipa namba ilibadilishwa. Ukifungua Revisions za ukurasa huo utaona namba ya zamani na mpya zikiwa bega kwa bega.

Usiishie kwenye IP hiyo moja. Tokeni ikitumika, haionekani kwenye `wp-login.php` hata kidogo. Utaona tu maombi ya `POST /wp-json/` kutoka IP ambayo haijawahi kuingia kwa mlango. Hapo ndipo lile faili la `tokeni.txt`, lenye safu ya `last_ip`, linapolipa. Na kama tovuti yako iko nyuma ya Cloudflare, logi zinaweza kuonyesha IP za Cloudflare badala ya za mgeni. Muulize anayekuhifadhia tovuti kama anahifadhi IP halisi.

Baada ya logi, angalia watumiaji. Usitegemee ukurasa wa Users, kwa kuwa plagini ya mwizi inaweza kumficha admini aliyeongezwa. Dalili moja huonekana kwa macho: kichupo kinasema Administrator (3), chini kuna majina mawili. Soma jedwali lenyewe:

```
wp db query "SELECT ID,user_login,user_email,user_registered
  FROM wp_users ORDER BY ID DESC LIMIT 10"
```

Angalia ID kuliko tarehe. Tarehe ya kujisajili huandikwa kirahisi iwe ya mwaka 2019, lakini mwenye ID 412 aliyekaa baada ya mteja wa 411 wa wiki iliyopita hakujisajili 2019.

Kisha mafaili:

```
wp core verify-checksums --skip-plugins --skip-themes
wp plugin verify-checksums --all --skip-plugins --skip-themes
find wp-content/uploads -name "*.php"
ls wp-content/mu-plugins
```

Amri mbili za kwanza hulinganisha mafaili yako na ya asili. Plagini za kulipia na thimu hazimo kwenye ulinganisho huo. Hizo pakua upya kutoka kwa muuzaji. Folda ya `uploads` ni ya picha, na faili la PHP humo linahitaji maelezo. `mu-plugins` hujiwasha yenyewe bila kitufe cha kuizima, kwa hiyo ni maficho yanayopendwa. Kama hukumbuki kuweka kitu humo, huenda si wewe uliyeweka.

Mwisho, fedha na mipangilio. Angalia namba za akaunti za benki kwenye WooCommerce, anwani za Webhooks, barua pepe ya msimamizi, na kama "Anyone can register" imewashwa huku wapya wakipewa cheo cha Administrator. Kwa maduka ya Kenya yanayotumia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, Consumer Key na Consumer Secret za M-Pesa huwa zimehifadhiwa kwenye hifadhidata hiyo hiyo. Zitengeneze upya kwenye Daraja, maana kuzibadilisha kwenye WordPress pekee hakuziui. Na kama majina na namba za simu za wateja zilifikiwa kwa namna inayoweza kuwadhuru, sheria ya Kenya ya 2019 inakupa saa 72 tangu ujue kumwarifu Kamishna wa Data.

## Kwa hali yako

Kama umegundua ndani ya saa chache, na logi hazionyeshi 302 yoyote isiyo yako, funga akaunti moja pamoja na tokeni zake. Ukaguzi wa watumiaji na mafaili ufanye hata hivyo, ila huna haja ya kumsumbua mtu.

Kama aliingia lakini hukuona plagini iliyopakiwa wala faili la thimu lililohaririwa, na ukaguzi wa mafaili ni safi, unganisha ya kwanza na ya pili, kwa mpangilio huo. Fanya usiku.

Kama kuna `upload-plugin` kwenye logi, kama kwa duka letu, na bakapu ya kabla ya saa hiyo ipo nje ya seva, rudisha bakapu, kisha nywila, tokeni na funguo nane kabla ya kufungua tovuti. Oda zitoe kwanza. Wateja waliolipa kati ya saa 8:31 ya usiku ule na simu ya Jumatano wapigiwe mmoja mmoja, kwa kutumia orodha ya oda ambazo hazijathibitishwa kulipwa. Mtandao wa simu ulioitoa ile lipa namba ya mwizi uarifiwe siku hiyo hiyo.

Kama msimbo ulipandikizwa na bakapu huna, hakuna kati ya njia hizi itakayokutosha peke yake. Weka WordPress mpya kabisa kwenye folda tupu, pakua kila plagini na thimu kutoka chanzo chake, hamisha picha tu kutoka `uploads`, na uingize hifadhidata baada ya kupitia watumiaji, kurasa na mipangilio. Kwa tovuti ndogo ni kazi ya siku nzima, na nywila ya hifadhidata na ya cPanel zibadilishwe kabla hujaanza.

Kama logi zimeshafutika, chukulia kuwa plagini ilipakiwa.